Mkwezi: skripti moja, sauti mbili

Shangazi, shikamoo.

Nimeisoma skripti ya tangazo la mafuta yetu ya Mkwezi uliyoniletea Jumapili: "Mafuta ya nazi asilia, bora kwa nywele na ngozi, yapatikana kote Mombasa." Taabu yake ni kwamba maneno hayo yaenea kwenye paketi ya shilingi 30, na yaenea vilevile kwenye chupa ya shilingi 1,400. Wa chupa atauliza hizo elfu moja na ushei ni za nini. Wa paketi atashuku kwamba kuna kitu kimechanganywa. Mifupa sijaigusa: mafuta, kisha ushahidi. Nilichobadilisha ni anayesema, na anachokitoa kama ushahidi.

Ya paketi (redio, sekunde 45)

(Honi ya feri, vishindo vya watu wakishuka Likoni.)

WA KWANZA: Shoga, nywele zang'ara! Na jua hili, na upepo huu wa chumvi?

WA PILI: Mkwezi, mwenzangu. Paketi ya thalathini.

WA KWANZA: Thalathini? Hayo si mafuta, ni maji ya kunawia.

WA PILI: Hebu lete kiganja. Tone tu. Sugua... haya, nusa.

WA KWANZA: (anavuta pumzi) Nazi!

WA PILI: Nazi, ndiyo. Mbata iliyoanikwa juani ikakamuliwa. Haina rangi, haina marashi. Mimi na wanangu wawili paketi moja twaenda nayo wiki. Gawanya thalathini kwa siku saba.

WA KWANZA: Shilingi nne na kitu! Nauli ya matatu yanila zaidi.

WA PILI: Na dukani kuna kichupa cha kunusa. Nusa kwanza, ndipo utoe pesa.

SAUTI: Mkwezi. Paketi shilingi thalathini. Kongowea, Mwembe Tayari, na duka la mtaani kwako.

Hapa anayenunua aogopa kupoteza thelathini yake, kwa hivyo ushahidi ni hesabu, pua na shoga anayemjua. (Nimeandika "thalathini" kwa makusudi, wasomaji wasiinyooshe.) Asisome mtu mwenye sauti ya taarifa ya habari. Na vichupa vya kunusa viwe madukani kabla tangazo halijaingia hewani, la sivyo tutakuwa tumewadanganya watu wazima mchana kweupe.

Ya chupa (video, sekunde 45)

(Hakuna muziki. Sauti ya mbuzi ikikuna nazi, polepole. Picha moja tu: mikono, kifumbu, bakuli. Msemaji ni mwanamke wa makamo, asiye na haraka.)

Alfajiri, Kilifi. Mkwezi ashuka na nazi zilizokomaa.

Kabla ya adhuhuri zimekunwa. Twakamua mara moja tu, tui lile zito.

Kisha twaliacha. Mchana kutwa, usiku kucha. Mafuta yapanda juu yenyewe. Moto hauyagusi.

Nazi sita, chupa moja. Shingoni utaona tarehe iliyokamuliwa, imeandikwa kwa mkono.

Ukilala na kiyoyozi, huenda asubuhi ukayakuta yameganda, meupe kama tui lililoyazaa. Yatie kiganjani. Subiri kidogo.

(Kipande cheupe chayeyuka kiganjani. Kimya, sekunde 4.)

Tui la Kwanza. Kutoka kwa Mkwezi.

Bei sikuitaja, itaonekana kwenye rafu. Mteja huyu wa Nyali hahofii shilingi, ahofia kuuziwa mbata kwa bei ya tui. Kwa hivyo nimemwonyesha kazi, saa na tarehe, nikanyamaza. Neno "shoga" likiingia hapa, chupa yashuka bei papo hapo.

Suala la kuganda nakuomba tulishike kwa uangalifu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na ya paketi huganda pia. Kwa hivyo msemaji asije akasema "ndiyo dalili ya usafi". Faida yake ni nyingine: lile lalamiko la "mafuta yenu yameharibika", linalokuja kila mteja akiyapeleka Nairobi, sasa tumelijibu kabla halijaulizwa. Kwenye paketi sikuliweka kabisa. Likoni ni nadra mtu kuyaona yameganda, na sekunde zenyewe zataka hesabu.

Neno "bora" nimelifuta kote kuwili. Sijamwona muuzaji aliyesema mafuta yake ni duni.

Twarekodi Alhamisi saa nne asubuhi. Njoo na ile mbuzi yako ya zamani, yenye meno butu. Hii ya studio yalia kama msumeno.