Maagizo ya kurudi nyumbani baada ya kupasuliwa ngiri

Papa, ulipasuliwa Jumatatu tarehe 9 Machi 2026 kwa ngiri ya kinena, upande wa kulia. Tulirudisha ndani kilichokuwa kimetoka, tukaimarisha ukuta wa tumbo kwa kipande cha wavu, kisha tukashona. Leo Jumanne unarudi Majengo. Tunaomba Mama na vijana wa nyumbani wasomewe karatasi hii pia, maana wao ndio watakaobeba mizigo yako kwa muda.

Kidonda

Usiloweshe bandeji hadi Alhamisi tarehe 12. Siku hiyo oga kwa maji safi na sabuni, usisugue kidonda, kikaushe kwa kitambaa safi cha kukigusa tu, halafu kifunike kwa kompresi mpya. Vumbi la Goma linaingia kila mahali, kwa hiyo kiache kimefunikwa mpaka nyuzi zitolewe. Anayekibadilishia anawe mikono kwanza. Usioge ziwani wala usikae ndani ya beseni mpaka kidonda kifunge kabisa.

Usipake majani, majivu, dawa ya meno wala unga wa vidonge. Antibiotiki hatukukuandikia kwa sababu kidonda chako ni safi. Usinunue amoksilini kwa ushauri wa jirani.

Nyuzi zitatolewa Alhamisi tarehe 19 Machi, hapa hapa.

Usishtuke ukiona korodani imevimba kidogo au ngozi imekuwa ya zambarau: ni damu iliyoshuka, itaondoka yenyewe. Vaa chupi inayobana vizuri. Chini ya mshono utahisi kitu kigumu kama kamba, na ngozi ya hapo inaweza kufa ganzi kwa wiki nyingi.

Maumivu

Parasetamoli ya miligramu 500: vidonge 2 kila baada ya saa 6, kwa siku 3 za kwanza bila kusubiri uchungu uanze. Baadaye meza unapoumia tu. Usipite vidonge 8 kwa mchana na usiku, na uangalie dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani.

Ulituambia una vidonda vya tumbo. Kwa hiyo ibuprofeni na dikilofenaki hapana, hata kama muuza dawa atasema zina nguvu zaidi. Tumekupa tramadoli ya miligramu 50: meza 1 ikiwa saa moja imepita tangu parasetamoli na bado unaumia sana, isizidi 1 kila saa 8. Inaleta usingizi na inafunga choo. Ukiitumia, usiguse bia wala kasiksi.

Choo kigumu kitakufanya ukaze tumbo, na kukaza kunavuta mshono. Kunywa maji mengi, kula lengalenga, maharagi, papai. Ukikohoa au kupiga chafya, bonyeza kidonda kwa kiganja.

Mizigo

Hapa ndipo tunapokuomba sana. Tunajua unaishi kwa chukudu, na tunajua siku bila kazi ni siku bila chakula. Lakini wavu unahitaji muda ili nyama iuote na kuushika. Uchungu utaisha mapema kuliko kazi hiyo ya ndani, na wengi hudanganyika hapo: wanajisikia wazima, wanabeba, ngiri inarudi. Kuipasua mara ya pili ni kugumu zaidi.

Hadi Jumatatu tarehe 20 Aprili usiinue kitu kinachozidi kilo 5. Bidoni ya lita 5 ndiyo mwisho wako. Ile ya lita 20 ni ya vijana. Chukudu usiisukume hata ikiwa tupu, barabara za mawe zitakulazimisha kukaza. Usibebe mtoto, usipasue kuni, usilime.

Kutembea ni dawa. Anza leo, dakika chache, mara nyingi kwa siku. Ngazi panda polepole. Pikipiki iache kwa wiki 2. Leo rudi kwa gari. Mambo ya ndoa yanaweza kuanza tena baada ya wiki 2 hivi, kama huumii.

Rudi haraka, usiku au mchana, ukiona:

- umeshindwa kukojoa kwa saa 6 na kibofu kinauma
- unatapika bila kukoma, tumbo limejaa, hupati choo wala hutoi hewa kwa nyuma
- uvimbe umetokea tena kinenani, ni mgumu, unauma, haurudi ndani
- damu haikomi baada ya kubonyeza dakika 10 mfululizo
- homa ya 38 au zaidi, usaha, harufu mbaya, wekundu unaoenea, mshono umefunguka
- korodani inauma sana na kuzidi kuvimba
- mguu mmoja umevimba na kuuma, kifua kinachoma au pumzi inakatika

Kwa dalili hizi usingoje asubuhi wala usipitie kwanza kwa muuza dawa. Gari likikosekana, panda hata pikipiki. Njoo na karatasi hii, na usile wala kunywa njiani, kwa maana huenda tukahitaji kukupasua tena usiku huohuo.