Pendekezo la makala: Mwani wahamia maji ya kina, wakulima hawajui kuogelea

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi.

Bamvua iliyopita nilikuwa Paje, kusini mashariki mwa Unguja. Mama mmoja aliingia baharini mpaka maji yakamfika kifuani, mkono mmoja kwenye kamba, wa pili ameunyanyua juu na fungu la taitai, vikamba vya kufungia mbegu, zisichukuliwe na mkondo. Analima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza upande huo mwaka 1989. Hajui kuogelea.

Naomba nikuandikie makala ya maneno 1,800 kuhusu yeye na wenzake.

Kazi hii ilizoeleka kuwa ya maji kupwa: unachomeka vigingi mchangani, unafunga mbegu kwenye kamba, bahari ikianza kujaa unarudi nyumbani kupika. Ndiyo maana wanawake waliiweza pamoja na malezi. Lakini kotonii, mwani wenye bei nzuri, hauvumilii joto la maji mafupi siku hizi. Unapauka, unaoza, unakatika. Spinosamu unastahimili zaidi, ila bei yake ni ndogo. Anayetaka kotonii aufuate kwenye kina, na huko kunataka chombo, nyavu na kujua kuogelea. Hapo ndipo makala yangu inapouliza: kilimo kikihama, kitabaki mikononi mwa wanawake waliokilea, au kitakwenda kwa wenye vyombo?

Wanawake watatu wamekubali kurekodiwa na kupigwa picha. Nitamhoji pia mnunuzi mmoja, na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja. Msomaji wa Dodoma au Mwanza naye yumo: karajinani inayotokana na mwani hutiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu.

Jambo moja ulijue mapema. Mama yangu mzazi alilima mwani, na ada yangu ya shule ilitoka humo. Sitamhoji wala kumtaja, lakini lugha ya kazi hiyo naijua tangu utotoni, na wanawake wale huniambia mambo ambayo mgeni hatayasikia.

Ni mwandishi wa kujitegemea kwa mwaka wa sita, mwenye stashahada ya uandishi wa habari. Nimeandikia magazeti mawili ya kila siku ya Dar es Salaam, zaidi habari za uvuvi na masoko. Nimeambatanisha makala tatu. Tafadhali anza na ile ya bei ya dagaa, ndiyo ninayojivunia.

Matoleo yenu ya mwaka huu nimeyasoma yote. Pwani inatokea kwenye utalii tu, nami naamini watu wanaoishi kwa bahari wanastahili ukurasa wao kila mwezi. Ningependa kuuandika. Makala hii ikikuridhisha, ya pili iko tayari kichwani: mafundi wa kalafati wa Nungwi.

Ukikubali wiki hii, nitaiwahi bamvua ijayo na kukuletea makala pamoja na picha ndani ya wiki tatu. Naomba pia unijulishe malipo yenu kwa waandishi wa nje.

Wako katika kazi,
Mwanaidi