Utaratibu mpya wa kushika nafasi, kuahirisha na kutofika saluni

Wateja wetu wa hapa Sinza na ninyi mnaotufuata kutoka mbali,

Kuanzia Jumatatu, 1 Juni 2026, nafasi za kazi ndefu hazitashikwa tena kwa maneno matupu. Tutaomba kianzio. Hapa chini tumeeleza ni kiasi gani, kinarudi lini, hakirudi lini, na kisiporudi kinakwenda kwa nani.

Sababu ni hii. Wasusi wetu watano hawana mshahara, wanalipwa kwa kichwa. Rasta za kati ufundi wake ni sh. 40,000, na nusu ni ya msusi. Kichwa kimoja cha namna hiyo kinakula saa tano hadi sita, kwa hiyo msusi anayekusubiri wewe Jumamosi asubuhi ameshawakataa wengine. Usipotokea, mwenye saluni atafidia kwa wanaokuja kuosha na kuseti. Msusi hana pa kufidia. Wiki ya kuelekea Idi iliyopita viti tisa vilikaa vitupu huku tukiwarudisha watu mlangoni, na mmoja wa wasusi aliomba nauli ya kurudi nyumbani.

Kianzio

Rasta, wivingi na kurudishia dredi: sh. 10,000. Bibi harusi, nywele na vipodozi pamoja: sh. 100,000. Kuosha, kuseti, kuweka dawa, kucha na nywele za watoto havina kianzio. Unashika nafasi bure, na usipofika mara mbili tutakuomba siku nyingine uje upange foleni kama wengine.

Kianzio si nyongeza ya bei. Siku ya kazi kinakatwa kwenye jumla yako.

Lipa kwenye lipa namba ya saluni tu, ile tunayokutumia pamoja na ujumbe wa kukubali nafasi. Tafadhali usimtumie msusi kwenye simu yake, hata kama mmezoeana. Fedha iliyopita huko hatuwezi kuihesabu, na imeshatugombanisha na watu tunaowapenda.

Kuahirisha

Mwisho wa kuahirisha au kubadilisha siku bila kukatwa chochote ni saa 12 jioni ya siku iliyotangulia. Mwanzoni tuliandika "saa 24 kabla" na kila mtu akawa na hesabu yake. Sasa kama nafasi yako ni Jumamosi, haijalishi ni ya asubuhi au ya alasiri, mwisho ni Ijumaa saa 12 jioni. Kianzio tunakurudishia chote au tunakisogeza mbele, utakavyo.

Ukiahirisha baada ya hapo, kianzio hakirudi. Isipokuwa tukipata mtu wa kukaa kwenye kiti chako: hapo kianzio chako kinakusubiri mpaka utakapokuja tena, ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo hata ukikumbuka saa 3 usiku, tuambie. Taarifa ya usiku inatusaidia kuliko kimya.

Unaweza pia kumtuma mtu badala yako, mdogo wako, shoga yako, jirani. Kwetu nafasi ikijaa, imejaa. Ila awe anataka kazi ya urefu uleule. Aliyeshika nafasi ya kuosha asimtume mtu wa rasta ndogo.

Wiki mbili za kabla ya Krismasi na wiki ya kuelekea kila Idi, mwisho wa kuahirisha unakuwa siku mbili kabla, saa ileile ya 12 jioni.

Kuchelewa

Tunakusubiri dakika 30 kwa kazi ndefu na dakika 15 kwa kazi fupi. Zikipita bila taarifa, kiti kinapewa aliyepo, na tunakuhesabu kuwa hukufika.

Foleni ya Ubungo tunaijua, na mvua za masika zinavyofunga barabara tunazijua. Ukikwama, piga simu useme uko wapi. "Nipo njiani" hatutaihesabu kama taarifa, maana wapo walioiandika wakiwa bado bafuni. Ukituambia upo Mwenge na magari hayatembei, tutakupangia upya siku hiyohiyo ikiwezekana, na kianzio hakiguswi.

Jambo jingine linalokula muda ni kuja na rasta za zamani kichwani. Kufumua tunafumua, kwa sh. 5,000, lakini tuambie wakati wa kushika nafasi ili tukupangie saa ya ziada. Usiposema, na nyuma yako kuna mteja mwingine, huenda tukafumua na kuosha tu, kusuka kukasogezwa siku nyingine.

Kutofika

Asiyefika bila kusema chochote, kianzio chake anapewa msusi aliyekuwa akimsubiri, chote, jioni ileile. Ni nusu ya alichokosa. Ikitokea mara ya pili ndani ya miezi sita, kianzio cha nafasi inayofuata kitakuwa nusu ya bei. Mara ya tatu hatutashika nafasi tena kwa jina lako. Utakaribishwa kwa foleni.

Msiba, ugonjwa, mtoto kuzidiwa, uchungu wa uzazi: haya hayahesabiwi. Tupigie unapopata nafasi, hata kesho yake, tutasogeza kianzio chako. Hatudai cheti cha daktari wala hatumuulizi mtu marehemu alikuwa nani wake.

Bibi harusi

Hapa tunafunga milango asubuhi nzima kwa ajili ya mtu mmoja, ndiyo maana masharti ni tofauti. Mwisho wa kuahirisha ni siku 14 kabla ya harusi, na kianzio kinarudi chote. Ndani ya siku 14 hakirudi. Harusi ikisogezwa mbele tunakihamishia tarehe mpya mara moja, kama siku hiyo haina bibi harusi mwingine. Nywele tulizokwisha nunua kwa rangi uliyochagua ni zako, njoo uzichukue. Shughuli za sendofu zinafuata masharti ya kazi ndefu za kawaida.

Tukikosea sisi

Msusi uliyemchagua asipokuja, unachagua: msusi mwingine, siku nyingine, au kianzio chako siku hiyohiyo pamoja na gharama ya kutoa. Tukikuweka kwenye benchi zaidi ya dakika 30 baada ya saa yako, tunapunguza sh. 5,000. Umeme ukikatika, kusuka kunaendelea, ila kazi za draya zinasogezwa bila kuhesabiwa.

Ujumbe wa kukumbusha

Siku moja kabla, saa 4 asubuhi, utapata ujumbe huu:

"Habari dada. Nafasi yako ni kesho Jumamosi saa 2 asubuhi, rasta za kati. Jibu NAKUJA au SIJI kabla ya saa 12 jioni leo. Kama una rasta za kufumua, tuambie."

Saa tunaandika kama tunavyozitaja, pamoja na asubuhi, mchana au jioni. Kuna mteja alisoma 8:00 kwenye simu yake akatufikia saa 8 mchana, na kwa haki kabisa kosa lilikuwa letu.

Wasiokuwa na nafasi wataendelea kupokelewa kama zamani, anayetangulia anahudumiwa kwanza. Waliokwisha kushika nafasi zao kabla ya 1 Juni hawatadaiwa kianzio. Mabibi harusi wanne wa Julai tutawapigia mmoja mmoja wiki hii.

Mwenye saluni, pamoja na wasusi wote