Oda za Krismasi: bei ya ofa kwa unga, mafuta na mchele hadi Ijumaa, Novemba 28

Kwa mameneja wa ununuzi na wenye maduka, Kisumu na kaunti jirani,

Habari za kazi. Shule zimefungwa, na wiki chache zijazo mabasi ya kutoka Nairobi yataanza kushusha watu Luanda, Mbale, Oyugis na Ugunja. Wakifika, jambo la kwanza ni chapati. Kwa hiyo ofa yetu ya mwaka huu tumeiweka zaidi kwenye unga wa ngano na mafuta ya kupikia, bidhaa mbili zinazotoka dukani kwa pamoja. Rafu ikikosa moja, mteja hubeba kapu lake zima hadi kwa jirani.

Bei hizi ni za kufikishiwa dukani, kodi ikiwa ndani:

Unga wa ngano, beli ya pakiti 12 za kilo 2: Sh1,776 badala ya Sh1,872 (kuanzia beli 30)
Mafuta ya kupikia, katoni ya chupa 12 za lita 1: Sh3,540 badala ya Sh3,660 (kuanzia katoni 15)
Mchele wa pishori wa Mwea, gunia la kilo 25: Sh4,450 badala ya Sh4,700 (kuanzia magunia 10)
Sukari, beli ya pakiti 20 za kilo 1: Sh2,880

Sukari hatukuipunguza. Bei ya kiwandani hupanda na kushuka, na hatutaki kuahidi tusichoweza kutimiza. Tunachoahidi ni hiki: ukiagiza kufikia Novemba 28, utalipa Sh2,880 hata ikipanda baadaye.

Pakiti moja ya unga basi inakufikia kwa Sh148. Ukiwa na nafasi stoo, chukua unga mwingi kuliko ulivyozoea, ila uuweke juu ya mbao mbali na ukuta, maana mvua za vuli bado zipo. Kwa mafuta, ushauri wetu unategemea ulipo. Maduka ya mjini Kisumu na Kakamega huuza sana lita 3 na lita 5 kwa wanaopitia kununua wakielekea nyumbani. Sokoni ndani, chupa za nusu lita ndizo hukimbia. Saizi zote tunazo, na unaweza kuzichanganya katika oda moja ilmradi zifike katoni 15.

Mchele wa Ahero pia upo kwa wanaoutaka, kwa bei ya kawaida. Wenye wateja wa harusi na matanga wanajua kwa nini tunautaja.

Sasa tarehe, na hapa tunaomba msikilizane na watu wa stoo mapema.

Vikapu vya zawadi kwa kampuni na vyama vya akiba: mwisho ni Ijumaa, Novemba 14. Tunavipakia kwa mkono na vikishafungwa haturudishiwi, kwa hiyo thibitisha idadi na mteja wako kwanza. Oda za bei ya ofa zinafungwa Ijumaa, Novemba 28, saa kumi na moja jioni, na mizigo yote itakuwa imekufikia kufikia Desemba 10. Baada ya hapo tunapokea oda kwa bei ya kawaida hadi Jumatatu, Desemba 15, saa sita mchana. Lori la mwisho linaondoka ghalani Jumamosi, Desemba 20. Siku ya Jamhuri, Desemba 12, hatusambazi.

Mbona tunafunga mapema hivyo? Sehemu kubwa ya mzigo wetu hupandia Nakuru na Kericho, na kuanzia katikati ya Desemba barabara ile hujaa magari hadi safari ya saa chache inakula siku nzima. Oda ya Desemba 22 tunaweza kuipokea kwa simu. Kuifikisha Busia kabla ya Krismasi ni maneno mengine.

Malori yataenda hivi: Jumatatu na Alhamisi Kakamega, Webuye na Bungoma, Jumanne na Ijumaa Siaya na Busia, Jumatano na Jumamosi Ahero, Oyugis, Homa Bay na Kisii. Kisumu mjini ni kila siku ya kazi.

Wenye akaunti ya mkopo wataendelea na siku 30, mradi ankara za Septemba ziwe zimelipwa kufikia Novemba 21. Oda za baada ya Novemba 28 hulipwa kabla lori halijatoka, kwa benki au M-Pesa. Kila mzigo utakuja na ankara ya eTIMS, kwa hiyo hakikisha namba ya PIN tuliyo nayo ni ile ya duka linalopokea, hasa wenye matawi.

Kuagiza, jibu barua pepe hii ukitaja tawi, idadi na siku unayotaka mzigo, ama mpe mwakilishi wetu anapopita dukani. Ghala litafungwa Desemba 24 saa saba mchana na kufunguliwa Jumatatu, Desemba 29.

Asanteni,

Meneja wa Mauzo, Kanda ya Magharibi
Ghala la Kisumu