Heri ya siku ya kuzaliwa, Baba Neema

Baba Neema, ndugu yangu,

Heri ya siku ya kuzaliwa! Huenda ujumbe huu utakukuta umembeba binti yako mkono mmoja na simu mkono wa pili, kwa hiyo usihangaike kuumaliza sasa hivi. Usome akishalala. Nimeuandika mrefu kwa makusudi, maana mwaka huu salamu za mstari mmoja hazitoshi.

Umetimiza miaka 33. Kila mwaka nimekutakia afya, kazi na riziki, nawe ukajibu "amina" tukaendelea na mambo mengine. Leo nina neno jingine. Tangu Neema azaliwe, miezi mitano sasa, nimekuwa nikikutazama, na nataka ulisikie hili kutoka kwangu: wewe ni baba mzuri. Ni baba mzuri hivi leo, kabla mwanao hajaweza hata kutamka "baba".

Nalisema kwa sababu naikumbuka hofu yako. Mimba ya shemeji ilikuwa ya miezi saba uliponipigia usiku, ukazunguka na habari za kazini mpaka ukafika kwenye lililokuwa moyoni. Ukaniuliza, "Sasa mimi ubaba nitauiga kwa nani?" Ulilelewa na mama na mjomba, baba ulimfahamu kwa jina tu. Sikuwa na jibu usiku ule. Jibu umelipata mwenyewe, na umelipata kwa kutenda.

Mengi hujawahi kunisimulia. Nimeyasikia kwa mke wangu, ambaye aliambiwa na shemeji. Wiki zile za mwanzo, mtoto akinyonya kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, shemeji anasema hakuamka peke yake hata usiku mmoja. Yeye ananyonyesha, wewe unasubiri. Akimaliza unampokea mtoto, unamweka begani mpaka acheue, unambadilisha nepi, unamrudisha kulala, halafu alfajiri unaoga na kwenda kazini. Hukumwambia mtu. Hukupiga picha. Mimi nimetangulia kidogo katika njia hii, nina wawili, na najua jinsi usingizi unavyomnyang'anya mtu hata ukarimu wake. Wewe ulichoka, lakini hasira yako haikuwaangukia wao. Hilo nakuheshimu nalo sana.

Na kliniki je? Chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zote umekwenda. Umekaa kwenye benchi na kadi mkononi kati ya kina mama, hukuona haya. Uliniambia ile ya wiki ya 14 ilikuwa ngumu kwako kuliko kwa mtoto, kwa sababu safari hii alikutazama usoni kabla ya kulia, kana kwamba anakuomba umtoe pale. Ulipokuwa ukisimulia sauti ilikukwama. Tumefahamiana tangu tukiwa na sare za shule, na sijawahi kuisikia sauti yako ikikwama hivyo.

Halafu ile simu ya mchana, Neema alipokaribia miezi miwili. Nilidhani kuna tatizo. "Amenicheka!" ndivyo ulivyosema, hata salamu hukutoa. Ukanieleza mara tatu ulikuwa umesimama wapi na ulikuwa unaimba nini. Basi nikuambie kitu ambacho huenda hukijui. Mtoto mchanga macho yake hayaoni mbali; huona vizuri zaidi kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani uso wa mtu aliyempakata. Kwa hiyo zile saa zote ulizokuwa ukimbeba huku ukidhani hakujui, alikuwa anajifunza uso wako. Kicheko kile hakikuja kwa bahati.

Maisha yamebadilika, tuseme ukweli, na si yote yamekuja mepesi. Jumapili hatuonani tena uwanjani. Hela iliyokuwa na jina lako sasa ina jina la mtu mwingine. Wewe uliyekuwa wa mwisho kuondoka kila mahali sasa unaaga wa kwanza, na unaaga bila kujieleza. Jambo lililonigusa kuliko yote ni dogo: siku hizi huwashi pikipiki kabla ya kufunga kofia ngumu, na kwenye ile kona uliyokuwa ukiikata kwa fujo unapunguza mwendo. Tulikusema miaka na miaka, hukusikia. Neema hajasema neno, na umesikia.

Lakini leo nimewaza zaidi juu ya siku yenyewe. Miaka yote umesherehekea kuzaliwa bila kujua kuzaliwa ni nini. Mwaka huu unajua. Ulikuwa mle chumbani. Uliona uchungu ulivyoanza jioni na kwenda mpaka asubuhi, ukashikwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi, ukasikia ule ukimya mfupi kabla mtoto hajalia. Uliniambia ulipotoka nje mtu wa kwanza kumpigia alikuwa mama yako, na hukumpa habari kwanza. Ulisema "asante, mama" ukashindwa kuendelea, mpaka akaogopa. Tangu hapo, nasikia, kila jioni unampigia. Unamuuliza wewe ulianza kukaa lini, ulikuwa unalala vipi, nani alikuwa akimsaidia usiku. Yule mama alikubeba peke yake, ndugu yangu, na leo ndiyo siku aliyokuzaa. Kama hujampigia, weka ujumbe wangu kando kwanza umpigie.

Umeshampigia? Haya, tuendelee.

Mbele kuna mazuri mengi yanakuja upesi. Mwezi ujao ataanza kuonja chakula, na nguo zako zote zitalijua jambo hilo. Atakaa bila kuegemezwa, atatambaa, kila kilicho sakafuni kitaingia kinywani, na siku moja utaingia mlangoni umechoka umtazame akikufuata kwa magoti nyumba nzima. Usimlinganishe na watoto wa wengine. Kila mmoja ana saa yake. Wanangu hawa wawili wa nyumba moja, mmoja alitembea kabla ya mwaka na mwingine alichukua muda wake, na leo wanakimbizana sawa.

Usiache pia kuwa rafiki wa mkeo. Mtoto hujaza nyumba mpaka wazazi wakabaki wanaongea habari za nepi na homa tu. Muulize shemeji habari zake yeye mwenyewe, zisizomhusu Neema. Na wewe ukielemewa, niambie. Saa yoyote. Baba naye huelemewa, na ukinyamaza sitaweza kujua.

Nakuombea umri mrefu, ndugu yangu. Uishi umwone Neema akivaa sare yake ya kwanza, akikushinda kwa hoja, akikuletea mezani mambo ambayo mimi na wewe hatujawahi kuyawaza. Mungu akupe afya ya kumbeba sasa na subira ya kumwachia atembee baadaye. Amlinde shemeji, amtunze mama yako.

Zawadi yangu ni hii. Jumamosi saa nne asubuhi mimi na mke wangu tutakuja kwenu. Shemeji akishamnyonyesha, mtoto tutabaki naye sisi, hapo hapo sebuleni, ili akihitaji kunyonya tena asiwe mbali na mama yake. Ninyi wawili mtaingia chumbani, mtafunga mlango, mtalala. Usipike, usifagie, usituandalie chochote; chakula tutakuja nacho, na vyombo tutaosha sisi. Simu yako nitaishika mimi.