Tarehe ya Ijumaa

Fomu ilikuwa imeshajazwa. Ilibaki saini ya Rehema tu, na penye tarehe Injinia Mushi alikuwa ameshaandika kwa kalamu yake: 11 Julai 2025. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe 14.

"Weka saini hapo chini tuipeleke kwa mshauri kabla ya saa nne," alisema, huku akigongagonga mhuri kwenye pedi ya wino. "Hati ya malipo inasubiri hii karatasi."

Rehema alisoma kutoka juu. Ukaguzi kabla ya kumwaga zege. Jengo la madarasa, Morogoro. Baraza la ghorofa ya kwanza, gridi A hadi G, mita 24 kwa 1.5, unene milimita 150. Nondo za juu milimita 12 kila milimita 150, zimekaguliwa. Viti vya kushikilia nondo za juu zisizame, vimekaguliwa. Biskuti za zege za kuinua nondo za chini, zimekaguliwa. Kila kisanduku kilikuwa na alama ya vema.

"Mzee, Ijumaa sikuwepo. Nilipeleka vipande vya zege maabara Dar, nikarudi Jumamosi usiku."

"Najua. Mimi nilikuwepo. Kazi ilikuwa safi."

"Basi saini wewe, kwa tarehe ya leo."

Mushi akacheka kidogo. Wote wawili walijua mkataba unavyosema: msimamizi wa ubora anakagua, anamwarifu mshauri saa 24 kabla, mshauri anakuja kuona, ndipo zege linamwagwa. Safari hii hakuna aliyekagua wala aliyemwarifu mtu. Jumamosi mashine ilikuwa inafanya kazi, mchanga umeshashushwa, Mushi akaamuru wamwage. Kufikia saa nane mchana mita za ujazo 5.4 zilikuwa juu.

"Ni tarehe tu, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mafundi 34 hawajalipwa wiki mbili. Unataka nikawaambie Dada Rehema kakataa kuandika Ijumaa?"

Hilo lilimchoma. Asubuhi ile getini, kijana mmoja wa kubeba kokoto alikuwa amemwomba nauli.

Aliiacha fomu mezani, akatoka kumtafuta Mzee Kondo, fundi mkuu wa nondo. Alimkuta nyuma ya stoo akinyoosha ringi.

"Mzee wangu, baraza liliwekwa viti vingapi?"

Kondo hakuinua macho. "Vilivyokuwepo."

"Vingapi?"

"Kumi na viwili. Nondo za kukunja viti zilikuwa zimeisha. Nilimwambia Injinia tusubiri Jumatatu." Akanyamaza kidogo. "Na vijana walipita juu na toroli. Niliwapigia kelele, lakini utawapigia kelele mara ngapi?"

Michoro ilitaka mistari miwili, kiti kimoja kila mita: viti 48.

Kwenye slabu ya kawaida, iliyokaa juu ya kuta mbili, pengo hilo lisingekuwa jambo kubwa namna hiyo. Lakini baraza lile lilikuwa limechomoza kutoka kwenye boriti, bila nguzo upande wa nje. Uzito ukikaa juu yake, ncha ya nje inataka kuinama, na zege linavutwa upande wa juu, palepale linapotoka kwenye boriti. Zege halina nguvu ya kuvutwa. Inayobeba ni nondo ya juu, na ndiyo maana hukaa milimita 25 tu chini ya uso. Ikikanyagwa ikazama, bado ipo, bado ina unene uleule, ila iko mahali ambapo haisaidii sana. Ukishapiga vaibureta na kulainisha uso kwa bao, hakuna jicho litakalojua. Mirunda ikitolewa, ufa unaweza kutokea juu. Unaweza pia usitokee, hadi siku ambayo wanafunzi 60 wamesimama pamoja kwenye ukingo wakitazama mpira uwanjani.

Mushi alipanga kutoa mirunda tarehe 26, siku ya 14.

Rehema aliporudi ofisini, mtunza stoo alikuwa amesimama mlangoni na karatasi ya simenti.

"Injinia, mhuri wako una shida. Nimepokea mifuko 100 sasa hivi, nimegonga, imetoka tarehe 11. Dereva anakataa, anasema Ijumaa gari lilikuwa gereji."

Mushi aliuchukua mhuri bila kusema kitu. Alikuwa amezirudisha nyuma pete zake za tarehe kwa ajili ya fomu moja, akasahau kwamba mhuri ule ndio unaotumika getini, stoo na maabara. Mtunza stoo alingoja kidogo, akaona hajibiwi, akaondoka.

"Viti vilikuwa 12, mzee," Rehema alisema.

"Kondo anazeeka. Hawezi kuhesabu."

"Basi tupime. Kama nimekosea, nitaandika kwamba nimekosea."

Aliketi, akaikunja fomu ile katikati, akaiweka pembeni bila kuichana. Akachukua nyingine tupu na kuandika:

"14 Julai 2025. Baraza la ghorofa ya kwanza, gridi A–G. Zege lilimwagwa 12 Julai bila ukaguzi wa nondo na bila mshauri kuarifiwa. Mimi sikuwepo kazini 11 na 12 Julai. Fundi mkuu ameeleza kuwa viti vilikuwa 12 badala ya 48. Naomba: (1) mirunda yote ibaki na isiguswe, (2) kina cha nondo za juu kipimwe kwa kifaa kila nusu mita kando ya boriti, na pakitiliwa shaka patobolewe kuhakikisha, (3) vipande vitatu vya zege vivunjwe 19 Julai na vitatu 9 Agosti, (4) mhandisi wa mshauri aamue baada ya vipimo."

Akasaini. Kisha akavuta faili la madai ya malipo.

"Baraza tulitoe kwenye dai la mwezi huu. Nguzo na boriti za ghorofa ya kwanza zilikaguliwa, fomu zake zipo, zina saini ya mshauri. Kuta za chini pia. Hizo zinatosha kulipa vijana. Baraza litaingia dai linalofuata."

Mushi aliisoma karatasi mara mbili. "Unajua makao makuu watauliza nani aliamuru kumwaga."

"Najua."

"Na watauliza kwa nini nina msimamizi asiyenisaidia."

Rehema hakujibu. Aliuchukua mhuri, akazungusha pete ya siku kwa ukucha: 12, 13, 14. Akagonga.

Kifaa kilikuja Alhamisi na fundi wa maabara, aliyeanza upande wa gridi A. Alikisukuma taratibu juu ya zege, akawa anataja namba, Rehema anaandika, Kondo anatia alama ya chaki. Ishirini na nane. Thelathini na moja. Thelathini. Ishirini na saba. Mushi alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni. Walipofika gridi C alikuwa ameanza kutabasamu.

Walipovuka gridi D, pale ngazi ya toroli ilipokuwa imeegemezwa Jumamosi, namba zikabadilika. Arobaini na nne. Hamsini na nane. Sabini na moja.

"Rudia hapo," Mushi alisema.

"Sabini."

Rehema alipiga hesabu pembeni ya karatasi. Kina cha kazi cha nondo kilitakiwa kuwa milimita 119. Kilichopatikana ni 74. Sehemu ile ilikuwa imebaki na kama asilimia 62 ya uwezo wake.

Mushi alichuchumaa, akaichukua chaki mkononi mwa Kondo na kuchora mwenyewe mstari kutoka gridi D hadi E, mita nne. Alikaa hivyo kwa muda, akiitazama mirunda kupitia ukingoni.

"Stoo tuna mirunda mingapi ya ziada?" aliuliza.

"Kumi na sita," Kondo alijibu.

"Leteni yote."