Fungu la Nane

Maneno niliyapanga tangu basi linatoka Mbagala. Tulipovuka Daraja la Mkapa pale Rufiji nilikuwa nayo yote kichwani, mwanzo mpaka mwisho. Niliposhuka Nangurukuru na kupanda bodaboda ya kwenda Kivinje, hata sentensi ya kwanza sikuwa nayo.

Baba nilimkuta uani, chini ya mwembe, nyavu zimemjaa mapajani, anaunga matundu. Mwezi ulikuwa mkubwa. Wavuvi wa dagaa huvua siku za giza, hawaendi baharini mwezi ukiwa mkubwa, kwa sababu dagaa hawaifuati taa wakati bahari nzima inang'aa. Siku hizo ni za kuunga nyavu, kukagua betri na kulala usingizi wa usiku kama watu wengine. Nilizichagua makusudi. Nilitaka nimkute amepumzika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona katikati ya muhula?"

Hakuwahi kukaa darasani kupita la saba, lakini ratiba ya chuo changu aliijua kuliko wenzangu wengi. Alijua mitihani ni lini, likizo ni lini, na bumu linachelewa kwa wiki ngapi.

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi. Mama alikuwa jikoni, nazi inanukia, na nikaona nikimsubiri atoke sitasema tena.

"Baba, chuo nimekiacha."

Sindano ilipita tundu moja, ikapita la pili. "Umedisko?"

"Hapana. Nilikuwa na sapu mbili, ningezifuta. Niliacha mwenyewe."

Nikamweleza. Uhasibu niliujaza kwenye fomu kwa sababu alama zangu ziliruhusu, basi. Mwaka wa kwanza niliukokota. Jioni nilikuwa naenda Kariakoo kwa fundi simu mmoja, kwanza kumtazama, halafu kumshikia taa, halafu akaanza kuniachia simu nizifungue mwenyewe. Siku moja nikagundua kwamba darasani nahesabu dakika, na kwenye meza ya fundi nasahau kula. Mwaka wa pili ulipoanza nilihudhuria wiki mbili tu, nikaacha. Nikamwambia kwamba fundi ameniahidi kiti changu, kwamba ninaweza kubadilisha mfumo wa chaji na kurudisha simu iliyoingia maji, kwamba sikuacha ili nikae bure. Nilisema mengi. Alikuwa kimya, nami kimya cha baba yangu nimekiogopa tangu utotoni.

"Wiki mbili," akasema mwishoni. "Kwa hiyo tangu mwezi wa kumi na moja."

"Ndiyo."

"Sasa ni mwisho wa mwezi wa pili." Akaweka sindano chini. Akainua vidole, akavikunja kimoja kimoja. "Giza tatu."

Hapo ndipo nilipoelewa anahesabu nini, na mwili ukanifa ganzi.

Chombo anachoongoza baba kina mabaharia saba. Dagaa wakishauzwa, hutolewa kwanza mafuta ya mashine na chakula. Kinachobaki hutolewa mafungu ya mwenye chombo, ya nyavu na ya mashine, halafu mabaharia wanagawana chao. Nilipochaguliwa chuo na Bodi ya Mikopo ikanipa sehemu tu ya ada, wale watu saba walikaa pwani wakakubaliana kwamba chao kitagawanywa mafungu nane. La nane ni la mwanafunzi. Kila giza likiisha, baba alikuwa ananitumia. Mkopo ulisimama baada ya mimi kuacha masomo. Fungu la nane halikusimama, kwa sababu hakuna aliyejua. Na mimi nilikuwa nalipokea. Nilikuwa nalipia chumba.

"Baba, nisamehe."

Nilikuwa tayari kwa ukali. Nilikuwa tayari hata kufukuzwa, begi sikuwa nimelifungua. Baba akanitazama kwa uso uliochoka tu.

"Chuo ni chako," akasema. "Umekiacha, umekiacha. Mimi mwenyewe baba yangu alitaka niwe mwalimu wa madrasa, nikaenda zangu baharini. Sina neno na hilo."

Akavuta pumzi.

"Mshika taa wa chombo chetu alinijia mwezi wa kumi. Binti yake ana cheti cha kidato cha nne, masomo ya sayansi kapita vizuri, anataka uuguzi. Akaniomba fungu la nane tulikate nusu kwa nusu, wewe na binti yake. Nikamwambia asubiri mpaka umalize, tusije tukakosa wote wawili. Mtu mzima yule, ananizidi umri, akaitikia 'sawa nahodha' akaenda zake. Nimemnyima kwa ajili ya dawati ambalo hukulikalia."

Sikuwa na la kujibu.

"Ungesema siku ile ile uliyoacha, yule mtoto angekuwa anatafuta chuo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Hakusema kitu. Akarudi jikoni.

"Kunisamehe mimi peke yangu haitoshi," baba akaendelea. "Fungu si langu. Kesho alfajiri baada ya swala tunashuka pwani, utawaambia wenyewe, kwa mdomo wako. Halafu giza likiingia unapanda chombo. Giza tatu umekula bila kuvua. Utavua giza tatu bila kula. Kilicho chako kitakwenda kwa binti wa watu. Ukimaliza, nenda Kariakoo kwa fundi wako, na nauli nitakupa mimi."

Akachukua sindano. Akanisogezea upande mmoja wa nyavu, na kipande cha uzi. Tuliunga mpaka adhana ya Magharibi, hatukuzungumza tena habari ile.

Usiku sikulala. Nilikuwa nasikia kaskazi ikisukuma minazi, nikawa natafuta maneno upya, na safari hii niliyaona mafupi kuliko yale ya basini.

Alfajiri walikuwa wamekaa juu ya gogo karibu na mikoko, chombo kimeegemea upande. Saba wote. Wengine walinipokea kwa furaha, "karibu mhasibu," wakanisogezea nafasi na kikombe cha kahawa. Nilibaki nimesimama. Niliwaamkia, nikasema nimeacha chuo tangu mwezi wa kumi na moja, na kwamba hela zao za giza tatu nimezila nikijua kwamba sisomi. Nikatoa elfu tisini, ndizo zilizokuwa zimebaki, nikaziweka juu ya gogo. Nikasema nyingine nitazitoa mgongoni mwangu, kama watanikubali chomboni.

Kijana mmoja tuliyecheza pamoja aligeuza uso akatema mate mchangani. Nilistahili. Mwingine akaniuliza kama naweza kuzuia kutapika, mawimbi ya kaskazi si mchezo. Baba alikuwa anatazama maji.

Mshika taa hakuzigusa zile hela. Alinitazama kwa muda, mkono umeshika kikombe. Niliona macho yake mekundu, macho ya mtu aliyekesha na taa miaka yote hiyo.

"Vyuo vya kati vipo vinavyopokea mwezi wa tatu," akasema, kama anayejiuliza mwenyewe. "Sivyo?"

"Vipo, mjomba. Nitamsaidia kujaza maombi. Leo leo."

Akaweka kikombe chini. Akatoa simu yake ya vitufe, akaibonyeza taratibu, akaiweka sikioni.

"Mama Mkubwa," akasema. "Mwamshe huyo mtoto. Mwambie atafute vyeti vyake."